Kukagua mkataba wa kuchakata taarifa binafsi: sharti lipi lipo, lipi halipo, lipi limedhoofishwa

Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: una orodha ya masharti ambayo mkataba lazima uwe nayo, una mkataba, na unatakiwa kurudisha jibu kwa kila sharti. Jibu ni moja kati ya matatu: lipo, halipo, au limedhoofishwa. Mengi yanayoharibika hapa yanaharibika kwa sababu moja. Mkaguzi anatafuta kichwa cha kifungu, akikiona anaweka tiki na kusonga mbele. Lakini kifungu kilichodhoofishwa huwa na kichwa kilekile cha kifungu kizima. Udhaifu umo ndani ya kitenzi, ndani ya neno lililopewa tafsiri yake kurasa kumi nyuma, au ndani ya kifungu kingine kabisa.

Mwongozo huu unatumia orodha moja ya kweli ili kila hatua ionekane. Ni ile ya Ibara ya 28, aya ya 3, ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayojulikana kama GDPR, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Ibara hiyo inataka kila anayechakata taarifa binafsi kwa niaba ya mwingine afungwe na mkataba wenye masharti manane, (a) hadi (h). Inataka pia mkataba ueleze kazi yenyewe: inahusu nini, itadumu muda gani, taarifa za aina gani, za watu gani. Kampuni nyingi zilizo nje ya Ulaya hukutana na orodha hii kwa sababu wateja wao wa Ulaya hawawezi kuwapa kazi bila mkataba wa namna hiyo. Humu tutamwita mwenye taarifa Mteja, na anayezichakata kwa niaba yake Mtoa Huduma.

Hatua ya 1: Vunjavunja orodha kabla ya kufungua mkataba

Orodha kama ilivyoandikwa kwenye sheria haikaguliki. Sharti (g), kwa mfano, linasema kwamba huduma ikiisha, Mtoa Huduma afute au arejeshe taarifa zote, kwa uchaguzi wa Mteja, na afute nakala zilizobaki, isipokuwa sheria ikimtaka azitunze. Ukiandika "kufuta taarifa" kwenye jedwali lako, kifungu chochote chenye neno "kufuta" kitapita. Livunje hivi:

- anayechagua kati ya kufuta na kurejesha ni Mteja;
- njia zote mbili zinapatikana;
- ni taarifa zote, si baadhi;
- nakala zilizobaki nazo zinafutwa;
- sababu pekee ya kubaki na taarifa ni matakwa ya sheria.

Hivyo ni vipengele vitano. Sasa chagua kiini, yaani kile ambacho kikikosekana sharti limekufa hata vingine vyote vikiwepo. Kwa (g), kiini ni wajibu wa kuziondoa taarifa mikononi mwa Mtoa Huduma baada ya huduma kuisha. Vipengele vingine vinalinda kiini hicho kisiliwe pembeni.

Kiini ndicho kinachotenganisha "halipo" na "limedhoofishwa", kwa hiyo kiandike sasa, kabla hujaona maneno ya mkataba. Ukisubiri, maneno ya mkataba yatakuvuta uone kwamba kilichomo ndicho muhimu na kisichomo ni jambo dogo. Wakaguzi wawili wakitofautiana juu ya sharti moja, mara nyingi wamesoma maneno yaleyale kwa namna ileile, ila kila mmoja ana kiini chake kichwani. Dawa ni kurekebisha orodha, halafu hukumu itafuata yenyewe.

Sharti lenye mambo mawili yanayoweza kusimama kila moja peke yake, ligawe mistari miwili. Sharti (d), la wakandarasi wadogo, lina mambo matatu: Mteja aidhinishe kwa maandishi na, kama ameidhinisha kwa ujumla, ajulishwe mabadiliko mapema ili aweze kupinga (d1), mkandarasi mdogo afungwe na wajibu uleule (d2), na Mtoa Huduma abaki na dhima kamili mbele ya Mteja (d3). Kiini cha d1 ni kwamba Mteja ajue mabadiliko mapema na aweze kuyapinga. Ukiyaacha kwenye mstari mmoja utalazimika kuandika "limedhoofishwa" pale ambapo d1 halipo kabisa, na msomaji wa ripoti hatajua. Vivyo hivyo (h): kutoa taarifa za kuthibitisha kwamba wajibu unatimizwa (h1) si sawa na kuruhusu ukaguzi na kushiriki katika ukaguzi huo (h2). Orodha yote ikigawanywa hivi hufika mistari 12 hadi 16.

Hatua ya 2: Hakikisha unao mkataba wote

Mkataba wa huduma siku hizi ni nadra kuwa faili moja. Kuna mkataba mkuu, kiambatisho cha taarifa binafsi, fomu ya oda, na masharti yanayotajwa kwa kiungo cha tovuti. Andika orodha ya kila hati inayotajwa ndani ya hati nyingine, kisha weka alama kwa zile ulizonazo. Hati inayotajwa lakini huna haiwezi kukupa "lipo". Ukurasa wa tovuti ulio kwenye kiungo upakue na uuwekee tarehe, kwa kuwa mwenye tovuti anaweza kuubadilisha kesho.

Halafu tafuta kifungu kinachosema ni hati ipi inatawala zikipingana. Kama mkataba mkuu unatawala kiambatisho cha taarifa, kila jambo zuri utakalolikuta kwenye kiambatisho linaning'inia hadi umalize kusoma mkataba mkuu. Mkataba ulioandikwa kwa lugha mbili una kifungu cha lugha inayotawala. Kagua nakala ya lugha hiyo.

Jambo la mwisho kabla ya kusoma: faili ya PDF iliyotokana na kuskani inaweza kuwa picha tupu. Jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Usipochagulika, Ctrl+F itakujibu kwamba neno halipo hata kama liko mbele ya macho yako, na utaandika "halipo" isiyo ya kweli.

Hatua ya 3: Soma tafsiri za maneno kwanza

Ukurasa wa tafsiri ndio unaopima ukubwa wa kila kifungu kinachofuata. Chukua mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Mteja anampa Mtoa Huduma kazi ya kuandaa mishahara ya wafanyakazi wake. Wafanyakazi wana ukurasa wao mtandaoni wanakojaza anwani, namba ya akaunti ya benki na majina ya wategemezi. Mkataba unasema:

"Taarifa za Mteja" maana yake ni taarifa binafsi ambazo Mteja amezipakia kwenye Mfumo.

Sentensi hiyo inaonekana ya kawaida kabisa. Lakini namba za benki zilizojazwa na wafanyakazi wenyewe hazikupakiwa na Mteja. Hati za mishahara zilizotengenezwa na mfumo nazo hazikupakiwa na yeyote. Kwa hiyo kila kifungu kitakachosema "Mtoa Huduma atalinda Taarifa za Mteja" kimeacha nje sehemu nyeti kuliko zote. Tafsiri ya namna hii hudhoofisha masharti yote yanayoitumia kwa mpigo mmoja. Iandike juu ya ripoti kama tatizo la jumla, kisha iguse katika kila mstari unaohusika.

Neno lingine la kuangalia ni lile linalotumika kwa uvujaji. Kama "Tukio la Usalama" limefafanuliwa kuwa kuingiliwa kwa mfumo na mtu wa nje asiye na ruhusa, barua pepe iliyotumwa kwa mtu asiyestahili si tukio, na mfanyakazi wa ndani aliyenakili faili si tukio.

Hatua ya 4: Tafuta kila sharti kwa kazi yake, si kwa jina lake

Kwa kila mstari tengeneza orodha fupi ya mizizi ya maneno, si maneno mazima. Kiswahili hubadilisha mwanzo na mwisho wa kitenzi, hivyo ukitafuta "kufuta" utakosa "atafuta", "zifutwe" na "ufutaji". Ukitafuta "fut" utayapata yote. Ongeza visawe: "rejesh", "rudish", "teketez", "harib", "ondo". Kwa uvujaji: "vuj", "kiuk", "duku", "tukio". Kwa ukaguzi: "kagu", "chungu", "thibitish". Andika mizizi uliyotumia, maana utaihitaji kuthibitisha kila "halipo".

Kutafuta kwa mashine hakuchukui nafasi ya kusoma. Soma mkataba wote walau mara moja, ukurasa kwa ukurasa, ukiwa na orodha kando. Sharti la kufuta taarifa hupenda kukaa chini ya "Kuisha kwa Mkataba", na la ukaguzi wakati mwingine limejificha chini ya "Malipo", kwa sababu linazungumzia nani alipe gharama yake.

Unapopata kifungu, nakili maneno yake kama yalivyo pamoja na namba yake. Usifupishe kwa maneno yako. Ufupisho huondoa maneno madogo kama "inapowezekana", na hayo ndiyo uliyokuja kuyatafuta.

Hatua ya 5: Amua, kipengele kwa kipengele

Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, kiini kipo, na kimeandikwa kama wajibu? Kama hapana, andika *halipo*. Kama kipo, je, kuna kipengele kilichokosekana, au neno, tafsiri au kifungu kingine kinachokipunguza? Kama ndiyo, andika *limedhoofishwa*, na utaje kilichopungua. Kama hakuna, andika *lipo*. Usiongeze jibu la nne la "lipo kwa kiasi". Likiwepo, kila sharti gumu litakimbilia huko.

Sasa tuone mkataba wa mishahara. Kifungu cha 11.4:

"Mkataba ukiisha, Mtoa Huduma atafuta Taarifa za Mteja kutoka kwenye mifumo yake inayotumika ndani ya siku 90, isipokuwa pale atakapohitaji kuzitunza kwa sababu za kisheria au za kibiashara."

Kiini kipo: "atafuta" ni wajibu. Vipengele vyote vitano vimeguswa. Mteja hachagui kitu. Kurejesha hakutajwi. "Mifumo inayotumika" inaacha nakala za akiba. "Sababu za kibiashara" ni mlango ambao karibu taarifa yoyote inaweza kupita. Juu ya hayo, hata neno "zote" limekosekana, kwa kuwa tafsiri ya Taarifa za Mteja inaacha nje zilizojazwa na wafanyakazi. Jibu: limedhoofishwa. Angalia kwamba siku 90 hazimo kwenye hesabu ya udhaifu. Ibara ya 28 haitaji idadi ya siku, kwa hiyo muda huo ni jambo la kujadiliana. Uweke kama angalizo. Mkaguzi anayechanganya "sikupenda" na "kumepungua kuliko orodha" anaifanya ripoti yake isiaminike.

Kifungu cha 12.2, kinachohusu sehemu ya sharti (f) ya kujulisha uvujaji: "Mtoa Huduma atamjulisha Mteja ndani ya saa 72 baada ya kuthibitisha Tukio la Usalama." Hapa wengi huweka tiki kwa furaha, kwa sababu saa 72 ni namba iliyomo kwenye sheria. Lakini imo kwa ajili ya mtu mwingine. Ibara ya 33 inampa Mteja saa 72 za kuijulisha mamlaka ya usimamizi, kuanzia anapolijua tukio. Mtoa Huduma anatakiwa kumjulisha Mteja bila kuchelewa kusikostahili, mara anapolijua. Hapa saa yake inaanza baada ya "kuthibitisha", na hakuna anayemlazimisha athibitishe lini. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki tatu, kisha saa 72 zianze. Jibu: limedhoofishwa, na kilichopungua ni mahali saa inapoanzia pamoja na ufinyu wa neno "Tukio la Usalama".

Kifungu cha 8 kina kichwa "Usiri": "Kila upande utatunza siri za upande mwingine kwa muda wa Mkataba na miaka 2 baada yake." Sharti (b) linataka watu walioruhusiwa kushika taarifa binafsi wawe wameahidi kutunza siri, au wawe chini ya wajibu wa kisheria wa usiri. Kiini chake ni watu hao, yaani karani wa mishahara na fundi wa mfumo. Kifungu cha 8 kinafunga kampuni mbili tu na hakisemi lolote juu ya watu hao. Jibu: halipo. Kwenye maelezo taja kwamba kifungu cha 8 kimeonekana na kwa nini hakitoshi, la sivyo atakayesoma atadhani umekiruka.

Kifungu cha 14: "Mtoa Huduma atampa Mteja, akiomba, nakala ya cheti chake hai cha ISO 27001. Pande zinakubaliana kuwa cheti hicho kinatosheleza haki yoyote ya Mteja ya kukagua." Mstari h1 umedhoofishwa, kwa kuwa taarifa za uthibitisho zimebanwa kuwa karatasi moja, na cheti hicho kinahusu mfumo wa kusimamia usalama, si namna wajibu wote wa Ibara ya 28 unavyotimizwa. Mstari h2 haupo. Tena haupo kwa namna ya pekee: haki haikusahauliwa, imeachwa kwa makubaliano. Tofauti hii iandike, kwa sababu tiba zake hazifanani. Kilichosahauliwa unaongeza. Kilichoachwa waziwazi ni lazima kwanza ufute sentensi inayokiacha, la sivyo kifungu kipya na cha zamani vitagombana ndani ya mkataba uleule.

Maneno yanayodhoofisha yana familia zake, na macho huyazoea baada ya mikataba michache. Kuna kitenzi kilicholegezwa: "atajitahidi kufuta", "anaweza kujulisha", "anakusudia". Kuna sharti lililobandikwa: "pale inapowezekana kibiashara", "Mteja akilipa gharama zote". Kuna uchaguzi uliohamishwa, kama "afute au arejeshe, kwa hiari ya Mtoa Huduma", ambapo maneno yote ya sheria yapo ila mwenye uamuzi amebadilika. Na kuna kauli ya kutendwa. "Taarifa zitafutwa" inasikika imara, lakini zitafutwa na nani? Kitendo kisicho na mtendaji hakina wa kushtakiwa kikishindikana. Kila unapoona kauli hiyo, tafuta mtendaji katika kifungu kizima. Usipompata, umepata udhaifu.

Kuna pia hali ya kinyume: mkataba unaonakili Ibara ya 28 neno kwa neno. Kila mstari utakuwa na maneno yake, nawe utashawishika kuandika "lipo" kumi na sita. Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, katika mwongozo wake namba 07/2020, inasema wazi kwamba mkataba usiishie kurudia maneno ya kanuni, bali ueleze namna wajibu utakavyotekelezwa. Kwa hiyo fungua viambatisho. Kiambatisho cha hatua za usalama kikiwa na sentensi moja, au kile cha maelezo ya kazi kikiwa na maneno "kitajazwa baadaye", maelezo ya aina za taarifa na za watu wanaohusika hayapo, hata kama kifungu kikuu kinasema "kama ilivyoelezwa kwenye Kiambatisho cha 1".

Hatua ya 6: Rudi nyuma, uanzie kwenye mkataba

Hadi hapa umetoka kwenye orodha kwenda kwenye mkataba. Sasa fanya kinyume. Pitia kila kifungu ambacho hukukitumia popote na uulize: je, hiki kinapunguza chochote nilichokiita "lipo"? Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha majibu.

Tafuta "bila kujali", "isipokuwa", "kwa kuzingatia", "hakuna kitu katika". Kisha soma kwa utulivu vifungu vitatu: kikomo cha dhima, mabadiliko ya mkataba, na hati inayotawala.

Kwenye mkataba wa mishahara, kifungu cha 9.1 kinasema Mtoa Huduma "anaweza kutumia wakandarasi wadogo walioorodheshwa kwenye tovuti yake, orodha ambayo itahuishwa mara kwa mara". Hakuna taarifa ya mapema wala nafasi ya kupinga. Idhini ya jumla ipo, lakini kiini tulichokiandika kwa d1 ni kwamba Mteja ajue mabadiliko mapema na aweze kuyapinga, basi d1 halipo. Kuhusu d2, hakuna mahali popote panaposema wakandarasi watafungwa na wajibu uleule: halipo. Kifungu cha 9.3 kinasema Mtoa Huduma "atawajibika kwa kazi ya wakandarasi wadogo kama kazi yake mwenyewe". Katika usomaji wa kwanza, d3 lilipata "lipo", na ilistahili.

Kisha unafika kifungu cha 17.1: "Bila kujali kifungu kingine chochote, Mtoa Huduma hatawajibika kwa hasara itokanayo na Wahusika wa Tatu." Rudi kwenye tafsiri. "Wahusika wa Tatu" ni mtu yeyote asiyekuwa Mteja au Mtoa Huduma. Mkandarasi mdogo yumo ndani ya tafsiri hiyo. Kifungu cha 17.1 kimekimeza kifungu cha 9.3, na d3 linabadilika kuwa limedhoofishwa. Hakuna utafutaji wa neno "mkandarasi" ambao ungekuonyesha hili, maana neno hilo halimo kwenye 17.1.

Kifungu cha mabadiliko nacho kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kikimruhusu Mtoa Huduma kubadilisha masharti ya mtandaoni kwa kuyachapisha tu, basi kila "lipo" linalotegemea hati ya mtandaoni ni la leo tu, na ripoti iseme hivyo.

Hatua ya 7: Thibitisha kila "halipo"

"Lipo" lina ushahidi wake, yaani maneno yaliyonakiliwa. "Halipo" halina cha kunakili, kwa hiyo ushahidi wake ni kazi uliyoifanya: hati zipi zimesomwa, mizizi ipi imetafutwa, na kifungu kipi kilicho karibu zaidi. Mpe mtu wa pili mistari ya "halipo" peke yake, bila kumwambia sababu zako, atafute. Haichukui muda mrefu, kwani mistari hiyo huwa michache. Na kosa la kumwambia upande mwingine kwamba sharti halipo, kumbe liko kwenye kiambatisho cha 3, hukugharimu katika kila hoja utakayoitoa baadaye.

Hatua ya 8: Andika majibu

Kila mstari uwe na mambo matano: namba ya sharti, jibu, mahali, maneno yenyewe, na kilichopungua. Haya ni majibu ya mistari tuliyoikagua:

- Jumla. Tafsiri ya "Taarifa za Mteja" inaacha nje taarifa zilizojazwa na wafanyakazi na zilizotengenezwa na mfumo. Inagusa kila mstari unaoitumia.
- (b) Halipo. Kifungu cha 8 kinafunga pande mbili, si watu wanaoshika taarifa. Mizizi iliyotafutwa: "siri", "fich", "kiapo".
- (d1) Halipo. 9.1: idhini ya jumla bila taarifa ya mapema wala nafasi ya kupinga.
- (d2) Halipo. Hakuna wajibu wa kuwafunga wakandarasi wadogo kwa masharti yaleyale.
- (d3) Limedhoofishwa. 9.3 kinaweka dhima; 17.1 pamoja na tafsiri ya "Wahusika wa Tatu" vinaiondoa.
- (f), kujulisha uvujaji. Limedhoofishwa. 12.2: saa inaanza baada ya "kuthibitisha", "Tukio la Usalama" ni finyu.
- (g) Limedhoofishwa. 11.4: hakuna uchaguzi wa Mteja, hakuna kurejesha, nakala za akiba zimeachwa, mwanya wa "kibiashara". Angalizo: siku 90 ni za kujadiliwa.
- (h1) Limedhoofishwa. 14: cheti pekee.
- (h2) Halipo; haki imeachwa waziwazi. 14, sentensi ya pili.

Kama umeombwa pia marekebisho, badilisha maneno machache kadiri inavyowezekana. Kwa mahali saa ya 12.2 inapoanzia, inatosha kuandika "bila kuchelewa, na si zaidi ya saa 24 baada ya kulijua" mahali pa "ndani ya saa 72 baada ya kuthibitisha". Namba 24 ni pendekezo la kujadiliwa, lakini neno "kulijua" ndilo la kung'ang'ania. Kwa d3, usiguse 9.3 ambacho ni kizuri. Ongeza "isipokuwa wakandarasi wadogo" kwenye tafsiri ya Wahusika wa Tatu. Rekebisha tafsiri ya Taarifa za Mteja kwanza kabla ya yote, kwa sababu mstari mmoja hapo unaponya vifungu vingi. Kwa maneno ya kuazima, Tume ya Ulaya ilitoa vifungu vya kielelezo vya Ibara ya 28 mwezi Juni 2021, chini ya uamuzi namba 2021/915. Ukikuta mkataba unadai kutumia vifungu hivyo, ulinganishe na matini ya Tume mstari kwa mstari, na kila tofauti nje ya viambatisho na sehemu za kuchagua ichunguze.

Mpaka wa kazi hii nao uandikwe kwenye ripoti. Umekagua maneno dhidi ya orodha. Hukukagua kama Mtoa Huduma anafanya anachoahidi, wala kama mahakama ya nchi fulani ingelisoma neno fulani kwa namna hiyo. Mstari ambao jibu lake linategemea tafsiri ya kisheria, kama uzito wa "bila kujali" mbele ya wajibu mahususi, uwekee alama umfikie mwanasheria ukiwa na swali lililo wazi.

Mkataba ukirudi umerekebishwa, usikague mistari iliyobadilishwa tu. Linganisha nakala mbili nzima, kwa maana marekebisho mara nyingi huingizwa kwenye kiambatisho huku kifungu cha hati inayotawala kikibaki upande wa mkataba mkuu. Kwenye mfano wetu, "isipokuwa wakandarasi wadogo" ikiandikwa kwenye kiambatisho na mkataba mkuu ukaendelea kutawala, 17.1 bado kinasimama na d3 bado limedhoofishwa.